Kahawa ya baipasi: maswali ninayoulizwa kila nikiweka chupa mbili mezani

Nimechoka kujibu kitu kimoja kimoja kwenye meseji ndo maana nimeamua kuyaweka yote hapa. Mi nipo Uyole, Mbeya, nachuja kahawa nyumbani kwa ajili ya wageni na wakati mwingine kwa vikao vya watu kumi na kitu, dripa yangu, yaani kile kikombe cha kuwekea filta na unga wa kuchuja, ni moja tu ile ya koni kubwa. Karibu mifano yote hapa ni ya kuchuja kahawa ya watu wanne kwa mpigo mmoja maana hapo ndo baipasi inakusaidia kweli, ya mtu mmoja nitaigusa kidogo.

Baipasi ni nini hasa?

Si unajua malori ya Tunduma yanavyokatiza katikati ya mji, mpaka Mwanjelwa pale hupiti. Sasa chukulia ungekuwa na barabara ya pembeni, nusu ya malori yapite huko yakutane na mengine mbele ya mji. Ndo hivyo hivyo kwenye kahawa: maji kiasi yanapita kwenye unga wa kahawa, yanatoka mazito na makali, halafu maji mengine ya moto ambayo hayajagusa unga kabisa unayamimina moja kwa moja kwenye kahawa iliyokwisha chujwa. Hayo ya pili ndo yamepita baipasi, hakuna kingine cha ajabu.

Si ni kuongeza tu maji ili ifike kwa wengi?

Hili swali shangazi yangu aliniuliza mbele za watu. Jibu ni hapana, ila namuelewa, maana watu wengi tumekulia kwenye kahawa ambayo ikikaribia kuisha mtu anaongeza maji kwenye birika na kuirudisha jikoni. Pale unga ule ule unachemshwa tena, unatoa vitu vya mwisho mwisho ambavyo ni uchungu na ukakasi. Kwenye baipasi maji ya nyongeza hayagusi unga, na kiasi chake umekipanga tangu mwanzo, yaani umeweka kahawa ya kutosha vikombe vinne ukijua kabisa kwamba maji yote hayatapita kwenye dripa.

Kwanini nisimimine tu maji yote juu ya kahawa kama kawaida?

Kwa kikombe kimoja mimina tu, hakuna shida. Shida inaanza ukiweka unga mwingi.

Nikupe kilichonikuta. Mwezi wa saba mwaka juzi, baridi ile ya Mbeya unayoijua, nilikuwa na wageni wanne, nikaweka gramu 60 za kahawa kwenye dripa nikapanga kupitisha maji gramu 960, maana nimezoea gramu 16 za maji kwa kila gramu moja ya kahawa. Nusu ya kwanza ikashuka vizuri, baada ya hapo filta ikaanza kuziba, maji yamekaa juu yametulia kama bwawa, tone, tone, wageni wananiangalia. Ilichukua karibu dakika nane. Nikaimimina, rangi nzuri harufu nzuri, halafu kwenye ulimi inaacha ukavu kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Huo ndo ukakasi.

Chanzo chake ni hiki. Maji ya kwanza yanapopita kwenye unga yanachukua vitu vinavyoyeyuka haraka, yaani uchachu ule mzuri wa matunda, utamu na sehemu kubwa ya harufu. Maji yanayofuata yanakuta vilivyobaki ni vile vinavyotoka polepole, humo uchungu na ukakasi ni mwingi. Kitanda cha kahawa kikiwa kinene vumbi laini linashuka linaziba filta, maji yanachelewa, na kadiri yanavyochelewa ndo yanazidi kuvuta hayo ya mwisho. Kwa hiyo maji yangu gramu 360 za mwisho hazikuleta kitu cha maana kwenye kikombe, zilileta maji na ukakasi. Ukifikiria hivyo unajiuliza, kama kinachotakiwa ni maji, si niweke maji masafi tu?

Sawa, nipe vipimo

Hivi ndo ninavyofanya sasa, unga ule ule gramu 60, umesagwa mkubwa kidogo kuliko wa kikombe kimoja, uwe kama sukari ya kawaida ile ya chenga au zaidi kidogo.

Naosha filta kwa maji ya moto, naweka unga, namimina gramu 150 za maji kuulowesha wote na kusubiri sekunde 45 hivi uvimbe na kutoa hewa. Halafu namimina taratibu mpaka mizani isome 350, nasubiri maji yashuke kidogo, namalizia mpaka 600. Basi, simimini tena. Inaisha kudondoka kwenye dakika ya nne, na matone yakishaanza kuwa ya kuhesabika natoa dripa, siisubirii tone la mwisho.

Kwenye chupa hupati 600. Unga unabaki na maji yake, kila gramu moja ya kahawa inashika kama gramu mbili, kwa hiyo gramu 60 zinabaki na 120 na wewe unapata kama 480. Hiyo ni kahawa nzito, ionje kidogo kwa kijiko ujue inavyofanana ila usimpe mgeni.

Sasa kwenye hizo 480 ongeza maji ya moto gramu 320. Jumla 800, mamagi manne ya mililita 200. Ukitaka kukumbuka kirahisi ni tatu kwa mbili, kila sehemu tatu za kahawa nzito weka sehemu mbili za maji.

Hiyo tatu kwa mbili umeitoa wapi?

Nimeonja, ila hesabu pia inakubali. Kwa mtindo huu unga unatoa kama asilimia 18 ya uzito wake, kwa hiyo kwenye gramu 60 zimeyeyuka kama gramu 10.8. Zikiwa ndani ya 480 hiyo ni asilimia 2.25, kali sana. Zikiwa ndani ya 800 ni asilimia 1.35, ambapo watu wengi wanaokunywa kahawa ya kuchuja wanaridhika.

Hizi namba mbili zisikuchanganye, na hapa ndo watu wengi wanapotea kwa hiyo nitakaa kidogo. Kuna ukali, yaani ndani ya kikombe kuna kahawa kiasi gani ukilinganisha na maji. Halafu kuna kile unga ulichotoa, yaani umevuta kiasi gani kutoka kwenye punje yenyewe. Ernest Lockhart, mtafiti wa kahawa, aliyachora haya mawili kwenye chati moja miaka ya 1950 kule Marekani, ukali upande mmoja na kilichovutwa upande mwingine, na mpaka leo chati za kahawa zinafuata mtindo huo. Faida ya baipasi ni kwamba unaweza kuugusa ukali peke yake. Ukiongeza maji baada ya kuchuja ukali unashuka, lakini kilichovutwa kimeshavutwa, hakibadiliki. Ukichuja kawaida kila ukibadilisha maji vyote viwili vinahama pamoja na hujui kipi kimeharibu.

Kwa hiyo kahawa ikitoka chungu naiokoa kwa maji?

Ndo maana nimekwambia kilichovutwa hakibadiliki. Kahawa chungu ukiiongezea maji unapata kahawa chungu nyepesi. Mjomba mmoja alinibishia sana hapa, akasema si chumvi ikizidi kwenye mboga tunaongeza maji? Ni kweli, ila chumvi ni kitu kimoja, ikipungua imepungua. Kwenye kahawa uchungu, utamu na uchachu vinapungua vyote kwa pamoja, uwiano wao unabaki ule ule. Sana sana utaisikia kwa umbali.

Nitajuaje kilichokosewa?

Onja ikiwa imepoa kidogo, ile ya moto kabisa inakudanganya.

Ladha ni nzuri ila inakuzidi nguvu, ongeza maji, gramu 20 kwa kikombe kisha onja tena. Ladha nzuri lakini kama imekimbia, maji yamezidi, na hapo huwezi kuyatoa kwa hiyo siku nyingine anza na machache. Haya mawili ni ya baipasi, na la kwanza unalimaliza pale pale mezani.

Ikiwa chachu ile ya kukunja uso na inakata haraka mdomoni, hapo unga haujatoa vya kutosha, maji ya baipasi hayana kosa. Saga laini kidogo, au badala ya 600 pitisha 700 kwenye unga na upunguze za nyongeza. Ikiwa kavu na chungu rudi kwenye kusaga, saga mkubwa zaidi, au angalia kama ulimimina kwa fujo ukakoroga vumbi likaziba filta. Saa yako itakwambia, ikipita dakika tano kwa gramu 600 ujue kuna kuziba.

Kuna moja inachanganya watu: nyepesi na chungu kwa wakati mmoja. Wengi wakiona nyepesi wanasaga laini zaidi na wanaiharibu kabisa. Hiyo mara nyingi ni unga mdogo uliopitishiwa maji mengi. Ongeza unga, pitisha maji machache, malizia na baipasi.

Mbona ladha zinasikika zaidi wakati nimeongeza maji? Si zingepungua?

Kitu kikiwa kikali sana ulimi unasikia ukali tu. Mi natumia Arabika ya Mbozi iliyooshwa na kukaangwa wastani, ikiwa nzito bila maji nasikia uchachu na uzito basi, siwezi kusema zaidi. Nikiifikisha kwenye tatu kwa mbili naanza kusikia kitu kama pasheni hivi, na utamu wa nyuma kama wa sukari guru. Sababu ya kwanza ni ukali umeshuka ulimi umepata nafasi, ya pili ni yale maji ya mwisho yenye ukakasi hayapo, na ukakasi ndo unaofunika utamu.

Ila ukiendelea kuongeza inafika mahali yote yanafutika. Kwangu ikivuka nusu kwa nusu naona nakunywa maji ya rangi, mama mkwe ndo anaipenda hivyo na mi nani nimbishie.

Nifanyeje kupata kipimo changu mimi?

Chuja ile ya 60 kwa 600. Chukua vikombe vitatu, kila kimoja weka gramu 60 za kahawa nzito. Cha kwanza ongeza maji ya moto gramu 20, cha pili 40, cha tatu 60. Vionje kuanzia chepesi kwenda kikali, ukianza na kikali vile vingine vyote utaviona maji. Mwambie na mtu mwingine aonje bila kumwambia kipi ni kipi. Kile mnachokimaliza bila kujua ndo chenu.

Maji ya kuongeza yawe ya moto kiasi gani?

Yaliyotoka kuchemka, usiyasubirishe. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi wala sio 100, kwa hiyo ukisoma maelekezo yanasema acha maji yapoe dakika mbili kwanza hayo yameandikiwa watu wa pwani, wewe mimina. Iringa ni hivyo hivyo, tofauti ni ndogo.

Na kwa baridi yetu hili ni la muhimu. Kahawa ikishapita kwenye dripa imeshapoa, halafu kikombe kina baridi ya usiku kucha, ukiweka na maji ya vuguvugu umempa mtu kahawa ya jana. Maji yaliyotoka kuchemka yanaipandisha joto kahawa nzito badala ya kuipoza, mi naona hiyo ni zawadi ambayo watu hawaizungumzii. Suuza chupa ya chai kwa maji ya moto kabla ya kuchujia humo.

Yanatakiwa maji gani?

Hapa nilikosea miezi. Maji yanayopita kwenye unga makosa yake yanafichwa kidogo na kahawa, ila maji ya baipasi yanaingia kikombeni kama yalivyo. Nilikuwa nachemsha kwenye sufuria wazi jiko la mkaa, moshi ule wa mwanzo mkaa ukiwa haujakolea unaingia kwenye maji, halafu nalaumu mkaangaji kwamba kahawa yake ina moshi. Nikabadilisha nikatumia birika lenye mfuniko, moshi ukaisha. Ukitaka kujua, weka maji yako peke yake kwenye kikombe yapoe kidogo uyanywe. Kama yana harufu ya dawa ya bomba, sufuria au moshi, kahawa yako itakuwa nayo.

Naweza kuweka maji kwanza halafu kahawa ndo idondokee humo?

Unaweza, na inachanganyika vizuri zaidi. Shida ni kwamba umeshaamua kiasi kabla hujaonja. Mi nikishakijua kifurushi cha kahawa husika nafanya hivyo, kikiwa kipya naongeza mwishoni. Vyovyote utakavyofanya koroga, kahawa nzito inabaki chini mgeni wa kwanza anapata maji wa mwisho anapata dawa.

Hizo chupa mbili mezani ni za nini?

Hii ni kwa vikao. Chupa moja kahawa nzito, nyingine maji ya moto, kila mtu anajichanganyia. Wazee wanaongeza maji kidogo, wasioizoea wanaongeza mengi, na anayeweka maziwa namwambia asiongeze maji kabisa, maziwa ndo maji yake. Watu kumi na mbili sichuji mara tatu tofauti tena mbele yao, nachuja mapema. Ila usikae nayo muda mrefu, ikivuka saa moja hivi inaanza kuwa na ladha ya kuchoka, na chupa iliyozoea chai ya tangawizi itakupa kahawa ya tangawizi, hiyo sina msaada.

Inakula kahawa zaidi?

Ndiyo, sitakudanganya. Kwa kuwa unapitisha maji machache unga unatoa kidogo zaidi, asilimia 18 badala ya 20 ambayo ungeipata ukipitisha maji yote vizuri. Ili upate hizo 800 za ukali ule ule ungehitaji gramu 54 kwa njia ya kawaida, kwa baipasi 60. Gramu sita kwa watu wanne. Kama kahawa yako ni ya bei na dripa yako haizibi, chuja kawaida.

Ila usizidishe. Kuna jamaa aliniandikia anapitisha maji 300 kwenye gramu 60 halafu anajaza maji mpaka 800, anauliza kwanini ni chachu na haina uzito mdomoni. Kwa maji hayo ukitoa yale yanayobaki kwenye unga anapata 180 tu, utamu mwingi ameuacha kwenye takataka. Mi maji ya kupitisha kwenye unga siyashushi chini ya mara nane ya uzito wa unga, na napenda mara kumi.

Kikombe kimoja inafaa?

Inafaa ukiwa na AeroPress, kile kifaa cha kukamua kahawa kwa mkono. Alan Adler aliyeibuni, ilitoka mwaka 2005, maelekezo yake ya mwanzo yalikuwa hivyo hivyo, unakamua kahawa nzito kidogo halafu unaongeza maji ya moto kikombeni. Amerikano nayo ni ndugu yao, espreso na maji. Kwa V60, ile dripa ya koni, ikiwa ndogo ya gramu 15 sioni sababu, kitanda ni chembamba hakizibi.

Sina mizani

Kijiko cha chakula cha unga kilichosawazishwa ni kama gramu 5, kwa hiyo 12 ni 60, haiko sawasawa ila inatosha kuanzia. Maji yapime yakiwa ya baridi kwa chupa ya nusu lita kabla hujachemsha, usimimine ya moto kwenye plastiki. Chemsha kidogo zaidi maana mvuke unapotea. Halafu hesabu vikombe: kahawa nzito vikombe vitatu, maji viwili, kikombe kile kile.

Na ile kahawa ya kuchemsha kwenye birika, tunaweza baipasi?

Jaribu, ila zima moto kwanza, acha unga utulie chini, mimina ile ya juu kwenye chupa ndo uongeze maji. Ukiongeza ndani ya birika lenye unga umerudi kule kule kwa shangazi.